Aliyesalimu Amri na Aliyelegeza Kamba

Asubuhi ya Novemba 8, 1918, ujumbe wa Wajerumani ukiongozwa na Matthias Erzberger uliingia katika behewa la treni lililosimamishwa ndani ya msitu wa Compiègne, Ufaransa. Marshali Ferdinand Foch, kamanda mkuu wa Mataifa Shirika yaliyopigana na Ujerumani, akaagiza wasomewe masharti ya kusimamisha Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akawapa saa 72 za kujibu. Katikati ya masharti yale mazito ya Ulaya kulikuwa na sharti moja fupi kuhusu Afrika Mashariki: majeshi yote ya Kijerumani yanayopigana huko yasalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja. Saini zilipotiwa alfajiri ya Novemba 11, sharti hilo halikuwa lile tena. Kifungu cha 17 sasa kilisema majeshi hayo yataondoka Afrika Mashariki katika muda utakaopangwa na Mataifa Shirika. Kusalimu amri kulikuwa kumetolewa, kuondoka kumewekwa mahali pake.

Ninaandika hadithi za vita, na mara nyingi ninasoma miswada ya wenzangu wanaoandika hadithi hizo. Hakuna mahali ninapokaa na kalamu muda mrefu kuliko pale mmoja anapomwachia mwenzake. Mapigano yenyewe huandikika. Risasi, mbio, kiu, maiti, yote hayo mwandishi hodari huyamudu. Lakini inapofika saa ya mtu kuacha, wengi hunyakua kitenzi cha kwanza kinachowajia, na karibu kila mara ni kilekile: alisalimu amri. Jemadari aliyezingirwa amesalimu amri, mjumbe aliyepunguza dai moja kati ya kumi amesalimu amri, baba aliyemruhusu binti yake aolewe na amtakaye naye amesalimu amri. Msomaji akimaliza kitabu, hajui nani alipoteza nini.

Nashikilia kwamba kila kimoja cha vitenzi hivi, yaani kusalimu amri, kujisalimisha, kulegeza, kukubali, kulainika, kutii na kunyenyekea, huingia katika sentensi kikiwa na deni. Kikishatamkwa, msomaji anadai jambo fulani, na ni jambo tofauti kwa kila kitenzi. Mwandishi asipolilipa deni hilo, aya nzima inalegalega hata kama maneno yake ni mazuri. Kisa cha Kifungu cha 17, kuanzia behewa la Compiègne hadi mji wa Mbala ulioko kusini ya Ziwa Tanganyika, karibu kinavipima vyote.

Tuanze ndani ya behewa. Erzberger na wenzake hawakuwa na nguvu ya kukataa. Nyuma yao Ujerumani ilikuwa na njaa, mabaharia walikuwa wameasi, na siku moja baada ya wao kuwasili mfalme wao akang'oka madarakani. Hata hivyo walibishana, na walipata kitu. Idadi ya bombomu walizotakiwa kukabidhi ilishuka kutoka 30,000 hadi 25,000. Ndege zikashuka kutoka 2,000 hadi 1,700, malori kutoka 10,000 hadi 5,000. Na neno la Afrika Mashariki likabadilishwa.

Sasa mwandishi anayetunga onyesho hili anahitaji kitenzi cha Foch. Alifanya nini alipoacha bombomu 5,000? Alilegeza. Sema alilegeza sharti, au alilegeza kamba, na angalia usemi wenyewe unavyofanya kazi: anayelegeza kamba bado ameishika. Ncha iko mkononi mwake, na akitaka ataivuta tena. Ndiyo maana kulegeza ni kitenzi cha mwenye nguvu, au angalau cha mtu ambaye bado ana kitu cha kushikilia. Aliyebaki mikono mitupu halegezi chochote. Na deni la kitenzi hiki ni kipimo. Ukiandika kwamba Foch alilegeza, msomaji papo hapo anataka kujua alilegeza nini, na kwa kiasi gani. Bila zile bombomu 25,000 sentensi hiyo ni ahadi isiyotimizwa. Miswada mingi huandika "pande zote mbili zililegeza misimamo" na kwenda mbele, na hapo ndipo onyesho la mazungumzo hufa, kwa sababu mazungumzo yote ni hesabu ya nani aliachia kipi.

Na Erzberger je? Wengine wangesema alisalimu amri pale. Hapana. Hakuwa na jeshi mkononi la kulikabidhi, na waraka aliotia saini ulikuwa wa kusimamisha vita. Kitenzi chake ni kukubali, na ndicho kitenzi chenye uzito mkubwa kuliko kinavyosikika. Kukubali kunafanyika kwa kauli. Mtu anakubali hoja, anakubali sharti, anakubali kwamba ameshindwa, na kila mara kuna kitu mahususi kinachofuata kitenzi. Yanayobaki nje ya kitu hicho bado ni yake. Erzberger alikubali masharti, akatia saini, halafu akasoma tamko la kupinga ugumu wake, akalimaliza kwa kusema kwamba taifa la watu milioni 70 huteseka lakini halifi. Aliyekubali bado ana ulimi. Waswahili walishasema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na methali hiyo inampa heshima anayekubali: mtu anakiri matokeo, lakini anabaki kuwa mshindani wa kesho. Ukimpa Erzberger kitenzi cha kusalimu amri, umemnyang'anya lile tamko la mwisho, maana msomaji hatalitegemea kutoka kwa mtu aliyekwisha kukabidhi kila kitu.

Katika onyesho la mazungumzo, basi, mimi huangalia kwanza nani ana kulegeza na nani ana kukubali. Vikibadilishana mikono katikati ya onyesho, kuna jambo limetokea: nguvu zimehama. Mwandishi anaweza kulionyesha hilo bila kusema chochote kuhusu nguvu. Mtu ambaye kurasa mbili zilizopita alikuwa akilegeza, sasa anakubali. Msomaji atalihisi kabla ya kulijua.

Mpaka hapo tuko Ulaya. Huku Afrika, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi hayo ya Kijerumani, hakuwa na habari yoyote. Alikuwa ametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka mmoja nyuma, akapita Msumbiji ya Wareno, akarudi, na sasa alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kikosi chake kilikuwa kimeingia Kasama. Habari za kusimamishwa kwa vita zilimfikia kwa kumkamata tarishi wa Waingereza aliyekuwa kwenye pikipiki akibeba nyaraka. Siku iliyofuata, Novemba 14, alikutana na afisa tawala wa Kiingereza, Hector Croad, kwenye mto Chambeshi. Aliandika baadaye kwamba aliposikia vita vimesimamishwa, alidhani vimekwisha kwa namna nzuri kwa Ujerumani, au kwa vyovyote si kwa ubaya. Jeshi lake lilikuwa halijashindwa. Lilikuwa likisonga mbele.

Kisha ikaja simu ya maandishi ya Luteni Jenerali Jacob van Deventer, kamanda wa majeshi ya Uingereza. Simu ilisema kwamba Kifungu cha 17 kinaagiza majeshi yote ya Kijerumani Afrika Mashariki yasalimu amri bila masharti ndani ya mwezi mmoja kuanzia Novemba 11. Maneno yaleyale yaliyoondolewa Compiègne! Lettow atoe mateka wote wa upande wa pili. Alete kikosi chake Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa karibu ambapo angeweza kupatiwa chakula. Akabidhi silaha na risasi zote. Yeye na maofisa wake na Wazungu wa kikosi chake wangeruhusiwa kubaki na silaha zao binafsi kwa sasa, kwa kuheshimu jinsi walivyopigana.

Hapa mwandishi wa hadithi anapata zawadi ambayo ni nadra: mtu anayepaswa kuacha vita bila kushindwa vitani. Kitenzi gani kinamfaa katika siku zile kumi na moja kati ya mto Chambeshi na Mbala?

Si kukubali, maana hakuna aliyemwuliza. Si kulegeza, maana hakuwa ameshika kamba ya mazungumzo yoyote. Nashikilia kwamba ni kutii. Lettow alitii. Lakini kutii ndicho kitenzi chenye deni gumu kuliko vyote, kwa sababu kinataka mtu wa kutiiwa, na kumtaja mtu huyo vibaya kunapotosha hadithi nzima. Lettow hakumtii van Deventer. Aliitii serikali yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imetia saini. Ukiandika "Lettow alimtii van Deventer" umegeuza askari kuwa mtumwa. Ukiandika "Lettow alitii mkataba uliotiwa saini na serikali yake" umemwacha akiwa askari hadi mwisho, na umempa sababu ya uchungu wake. Tofauti iko kwa yule anayetiiwa, si kwenye kitendo.

Kutii pia kuna mwendo wake. Kusalimu amri hutokea saa moja, mahali pamoja, mbele ya watu. Kutii kunaendelea. Ni asubuhi baada ya asubuhi, kikosi kinakunja mahema na kutembea kuelekea mahali pa kukabidhi silaha, bunduki zikiwa bado mabegani na risasi bado mifukoni. Ningekuwa na kurasa kumi tu za kuandika kisa hiki, sita ningezipa safari hiyo. Wangeweza kugeuka wakati wowote, na hawakugeuka. Mvutano wote wa hadithi uko hapo, na haumo kabisa katika siku ya sherehe.

Siku ya sherehe ilikuwa Novemba 25, wiki mbili kamili baada ya Ulaya kunyamaza. Mbala, mbele ya Brigedia Jenerali W. F. S. Edwards, Lettow alisimama, akaisalimu bendera ya Uingereza, akasoma tamko lake kwa Kijerumani, kisha akalirudia kwa Kiingereza. Wajerumani walikuwa wapatao 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100, na pamoja nao wapagazi na wanawake waliofuatana na kikosi. Bunduki zikawekwa chini. Nyingi kati yake hazikuwa za Kijerumani, zilikuwa zimetekwa kwa Wareno na kwa Waingereza wenyewe.

Hapo, na hapo tu katika kisa chote, kitenzi ni kusalimu amri. Kila kinachodaiwa na kitenzi hiki kipo. Yuko mwenye amri ya kuikabidhi, maana kusalimu amri ni kutoa mamlaka uliyokuwa nayo juu ya wengine. Yuko wa kuipokea. Pana mahali na saa, na mashahidi wapo. Baada ya dakika hiyo Lettow hana tena uwezo wa kuwaamuru watu wale wapige risasi, na kila mtu uwanjani anajua. Kwa hiyo deni la kusalimu amri ni mbele ya nani. Sentensi inayosema "kikosi kikasalimu amri" bila kumtaja aliyepokea huwa inanisumbua, kwa sababu amri haianguki chini kama jiwe. Lazima mtu aichukue.

Ndiyo maana pia naona ni kosa kuandika kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani, hakusalimu amri, ingawa ni kweli kwa maana ya jumla. Ngome yake ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894. Alipojipiga risasi Julai 1898 alikuwa mtu anayewindwa porini, karibu peke yake. Jeshi la kukabidhi halikuwapo tena. Alichobakiwa nacho ni mwili wake, na huo ndio alioukatalia Wajerumani. Hakujisalimisha. Kujisalimisha ni kwa mtu mmoja na mwili wake: anatoka mafichoni, anainua mikono, anasema nipo. Wahehe wengi walikuwa wamejisalimisha mmoja mmoja na makundi kwa makundi katika miaka ile minne, na kila aliyejisalimisha alimwacha Mkwawa na upweke zaidi. Mwandishi akitumia vitenzi hivi viwili mahali pake, anaweza kuonyesha ufalme mzima ukipungua hadi kubaki mtu mmoja na bunduki.

Turudi kwa van Deventer na zile silaha binafsi alizowaachia maofisa. Nimesoma simulizi zinazosema kwamba hapo alilainika. Neno zuri, lakini halistahili kuwa hapo. Kulainika kunadai ugumu uliotangulia, ugumu ambao msomaji ameuona kwa macho yake. Van Deventer aliwapa ruhusa hiyo katika simu ileile ya masharti. Hakuwa amekataa kwanza, hakuna aliyemwomba, hakuna kilichomgeuza. Ilikuwa heshima iliyopangwa mapema. Foch naye hakulainika. Bombomu alizowaachia Wajerumani zilikuwa hesabu, kwa kuwa Wajerumani walilalamika kwamba bila silaha hizo hawataweza kuzuia mapinduzi nyumbani kwao, na Mataifa Shirika nayo hayakuyataka mapinduzi hayo. Moyo haukuhusika.

Kuona kulainika kwenyewe inabidi twende kwenye vita vingine, vile vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Aprili 9, 1865, huko Appomattox, jimbo la Virginia, Jenerali Robert E. Lee alikuja kukabidhi jeshi lake kwa Jenerali Ulysses S. Grant. Grant aliandika masharti: maofisa wabaki na bastola zao, panga zao na farasi wao. Lee alisoma, kisha akaeleza kwamba katika jeshi lake hata askari wa kawaida wa farasi na wa mizinga walikuja vitani na farasi wao wenyewe. Je, nao wangeruhusiwa? Grant akajibu kwamba masharti yalivyoandikwa hayaruhusu hilo. Lee akasoma tena karatasi, akakubali kuwa ni kweli, hayaruhusu. Hakubishana. Hapo Grant akaanza kufikiri kwa sauti: wengi wa watu hawa bila shaka ni wakulima wadogo, na bila farasi hao hawataweza kulima mazao ya kuwavusha na familia zao hadi baada ya majira ya baridi. Akasema hatayabadilisha masharti yaliyoandikwa, ila atawaagiza maofisa wake wamwache kila mtu anayedai farasi au nyumbu aende naye nyumbani.

Huko ndiko kulainika, na sehemu zake zote zipo. Kwanza pana kukataa kwa wazi. Pili, anayeomba anaacha kusukuma, na kwa kuacha kwake anamwachia mwenzake nafasi. Tatu, anayelainika anajipa sababu mwenyewe, sababu inayomhusu yule dhaifu na si faida yake. Nne, hasemi amebadilika: karatasi ilibaki vilevile. Mtu anayelainika mara nyingi hulinda ugumu wake kwa nje huku akiuachia kwa ndani, na mwandishi akimfanya atamke "basi, nimelainika", ameliua onyesho. Naona kosa hili hasa katika hadithi ambamo adui mkatili ghafla anatokwa na machozi. Grant hakutoa chozi. Alitoa farasi.

Mahali hapa pia ndipo kulegeza na kulainika vinapotengana, ingawa vinafanana masikioni. Anayelegeza anajua atapata nini. Anayelainika anatoa bila kupata. Ukiwa na shaka, uliza mhusika wako angejibu nini akiulizwa kesho na wakubwa wake kwa nini alifanya vile. Foch alikuwa na jibu la kiserikali. Grant angelazimika kuzungumzia wakulima.

Nimeliacha mwisho jambo linalonigusa kuliko yote, nalo ni askari. Simulizi karibu zote za Mbala zimeandikwa kwa macho ya maofisa, na katika simulizi hizo sentensi husema "Lettow na askari wake walisalimu amri". Kisarufi haina kasoro. Lakini askari hawakuwa na amri ya kusalimu. Wengi wao walikuwa wametembea miaka minne kuvuka nchi tatu, na siku ile kilichotoka mikononi mwao ni bunduki. Walikabidhi bunduki. Ningeandika hivyo tu, nikawaachia kitenzi cha mikono, kwa sababu ndicho walichofanya. Baadaye waliwekwa ndani ya boma la miiba lililokuwa dogo mno kwa idadi yao, na hapo vitenzi vinageuka tena: walifungiwa, walihesabiwa, waliamriwa. Msomaji anaona mtu aliyetoka kuwa mtenda hadi kuwa mtendwa, na anaona saa yenyewe iliyomgeuza.

Kuna kishawishi cha kuandika hapo kwamba walinyenyekea. Nakiogopa kitenzi hicho. Kunyenyekea ni habari ya ndani ya mtu, na mshindi siku zote huamini kwamba anaiona. Waswahili wana methali isemayo mkono usioweza kuukata, ubusu. Anayebusu mkono kwa maana hiyo ametii kwa nje, hajanyenyekea hata kidogo. Mwandishi akiandika kwamba walinyenyekea, amechukua macho ya aliyekalia kiti. Kama hadithi inasimuliwa na mshindi, sawa, kitenzi hicho kitatuambia zaidi kuhusu yeye kuliko kuhusu wao. Kama inasimuliwa na askari, kitenzi hakina njia ya kuingia. Vilevile na kutiishwa: hicho angalau kinakiri kwamba kuna aliyefanya kazi ya kutiisha.

Katika onyesho ninaloandika sasa, usiku wa kwanza baada ya habari kufika Chambeshi, ombasha kijana, yaani koplo, anamfuata shaushi wake, yaani sajini, motoni. Wahusika ni wangu, wala sikuwapa majina.

"Shaushi, wapagazi wanasema Bwana Mkubwa kasalimu amri."

"Kwa nani?"

"Sijui. Kwa Waingereza."

"Umemwona Mwingereza yeyote hapa leo aliyetushinda?"

"Sijamwona."

"Basi usiseme hivyo. Wenyewe kwao wamekubali yaishe. Yeye kaambiwa asimame, kasimama."

"Na sisi, Shaushi?"

"Wewe kesho una zamu ya ulinzi. Lala."

Shaushi anauliza swali lile ambalo kitenzi chenyewe kinalidai: kwa nani. Ombasha hawezi kulijibu, kwa hiyo kitenzi kinaanguka. Na shaushi, kwa kusema "wamekubali yaishe", anaweka jambo lote mbali, kwa watu wa Ulaya waliochoka na ugomvi. Yaishe haina mshindi wala mshindwa. Ndiyo kauli ya mtu anayetaka kelele ziishe, na inamwezesha shaushi kuwalinda vijana wake na neno la kushindwa usiku mmoja zaidi. Niliwahi kumjibisha "Sisi tutafuata", nikaifuta. Kufuata kulimfanya aonekane ana hiari, na hapo hakuwa nayo. Zamu ya ulinzi ni kweli zaidi: jeshi bado ni jeshi mpaka Mbala.

Sura ya mwisho inahusu mishahara. Askari walikuwa hawajalipwa kwa muda mrefu. Lettow alijaribu kuwaomba Waingereza watoe fedha za kuwalipa kabla hawajatawanyika, na wizara ya vita ya Uingereza ikakataa, kwa hiyo wakapewa hati zinazoonyesha wanachodai. Mwaka 1964, mwaka uleule aliokufa Lettow, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Nimeona mahali pameandikwa kwamba Bunge hilo lililainika, na kwingine kwamba liliridhia ombi. Lakini wazee wale hawakuwa wakiomba hisani, na hati zilikuwa zimeandikwa mwaka 1918. Katika mswada wangu nimeandika kwamba Bunge lilikiri deni, nikataja na miaka: 46.